Tredmili au Vyuma: Kipi Kitangulie Ukitaka Kupunguza Mafuta

Ingia jimu yoyote yenye wateja wengi, Dar es Salaam au Nairobi, saa kumi na mbili jioni watu wakitoka kazini. Utakuta foleni sehemu mbili: kwenye tredmili na kwenye benchi la vyuma. Wengi waliopo hapo wamefuata jambo moja, kuondoa kitambi, na wengi wamepewa maelekezo yanayopingana. Kocha mmoja husema, “Anza na vyuma umalize wanga. Ukipanda tredmili mwili hauna pa kwenda ila kwenye mafuta.” Mwenzake, hatua chache kutoka pale, humwambia mteja wake, “Kimbia kwanza mwili uchemke, mafuta yaanze kuyeyuka, ndipo ushike vyuma.” Mteja aliyewasikia wote wawili hubaki njia panda, na mara nyingi huishia kufuata mashine iliyo wazi.

Nitoe jibu langu mapema. Kwa mtu anayefanya vyote viwili katika kipindi kimoja na anayetaka kupunguza mafuta, vyuma vitangulie. Lakini sababu aliyoitoa kocha wa kwanza siyo sababu yenyewe. Inafaa tulichambue hilo kwa kina, kwa kuwa anayeijua sababu ya kweli atajua pia ni siku gani anaweza kugeuza mpangilio bila kupoteza chochote, na ni nani hapaswi kuugeuza hata kidogo.

Tuanze na hoja ya wanga, maana ina ukweli ndani yake. Misuli inapofanya kazi huchota nishati kutoka hazina mbili kubwa. Ya kwanza ni wanga uliohifadhiwa ndani ya misuli yenyewe na ndani ya ini, unaoitwa glaikojeni. Mtu mzima hubeba takriban gramu 400 hadi 500 tu kwa jumla. Ya pili ni mafuta, na hapa hata mtu mwembamba ana kilo kadhaa. Hazina hizi mbili hazitumiki kwa zamu, kwamba moja iishe ndipo nyingine ifunguliwe. Zinatumika kwa pamoja muda wote, hata sasa unaposoma umekaa, na kinachobadilika ni uwiano. Ukitembea taratibu, mafuta hutoa sehemu kubwa ya nishati. Ukikimbia kwa kasi inayokukata maneno, wanga ndio unaobeba mzigo.

Kunyanyua vyuma vizito hutumia wanga zaidi, na pia huamsha homoni zinazosukuma mafuta kutoka kwenye akiba yake kuingia kwenye damu. Kwa hiyo anayepanda baiskeli au tredmili baada ya vyuma huchoma mafuta kwa uwiano mkubwa kidogo kuliko ambaye hakuanza na vyuma. Jambo hili limepimwa. Mwaka 2007 watafiti wa Japani wakiongozwa na Kazushige Goto waliwafanyisha watu mazoezi ya vyuma kabla ya kuendesha baiskeli, wakaona matumizi ya mafuta wakati wa kuendesha yamepanda. Kocha wa kwanza hajatunga kitu.

Tatizo linaonekana ukipiga hesabu. Tuseme mtu anachoma kalori 250 kwenye tredmili. Tuseme pia kwamba kutanguliza vyuma kumepandisha mchango wa mafuta kutoka asilimia 40 hadi 55, na hapo nimekadiria kwa ukarimu. Tofauti hiyo ni kalori 37 au 38 hivi. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, kwa hiyo faida yote ya ule mpangilio ni gramu nne za mafuta, yaani chini ya kijiko cha chai kimoja cha mafuta ya kupikia. Hata hizo gramu nne si zako bado, kwa sababu siku haijaisha.

Mwili hufanya hesabu zake kwa siku nzima. Ukitumia mafuta zaidi jioni kwenye tredmili, usiku ule na kesho yake asubuhi mwili utatumia wanga zaidi na mafuta kidogo. Ukitumia wanga mwingi kwenye mazoezi, baadaye utatumia mafuta zaidi, huku wanga wa chakula cha usiku ukienda kujaza akiba iliyopungua. Edward Melanson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado waliwaweka watu katika vyumba maalumu vinavyopima hewa wanayovuta na kutoa saa ishirini na nne, na katika mapitio yao ya mwaka 2009 walionyesha kwamba siku ya mazoezi haina matumizi makubwa zaidi ya mafuta kuliko siku ya kupumzika, ikiwa mtu amekula kiasi cha kufidia nishati aliyoitumia. Mafuta hupungua pale tu chakula kinapokuwa kidogo kuliko matumizi, siku baada ya siku. Mafuta yanayotumika ndani ya saa moja ya mazoezi hayakuambii hali ya akiba yako mwisho wa mwezi.

Ushahidi mwingine wa jambo hilohilo unatoka kwenye imani ya kukimbia na njaa alfajiri, ambayo imejengwa juu ya hoja ileile ya kumaliza wanga kwanza. Mwaka 2014 Brad Schoenfeld na wenzake huko Marekani waliwachukua wanawake vijana 20, wote wakiwa kwenye mpango wa chakula wa kupunguza uzito. Nusu walifanya mazoezi ya saa moja siku tatu kwa wiki kabla ya kula, nusu baada ya kula. Baada ya wiki nne makundi yote mawili yalikuwa yamepungua, na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Kama saa nzima bila kifungua kinywa haikuleta tofauti, nusu saa baada ya skwati haiwezi kubebeshwa matumaini makubwa.

Basi kama mafuta hayajali mpangilio, kwa nini bado nasema vyuma vitangulie? Kwa sababu kuna kitu kingine kinachojali, nacho ni nguvu unayokuwa nayo unaposhika chuma.

Mwaka 2018 Lee Eddens na wenzake nchini Uingereza walikusanya tafiti zilizolinganisha mipangilio hii miwili ndani ya kipindi kimoja. Kwenye mafuta ya mwili hawakuona tofauti. Kwenye ukubwa wa misuli, hawakuona tofauti. Kwenye pumzi na uwezo wa moyo, vilevile. Lakini kwenye nguvu za miguu, waliotanguliza vyuma walipata ongezeko kubwa zaidi, kwa karibu asilimia 7. Kundi lingine la watafiti, katika Chuo Kikuu cha Jyväskylä nchini Ufini, liliwafuatilia wanaume kwa wiki 24, baadhi wakianza na baiskeli na wengine wakianza na vyuma. Mwisho wa miezi hiyo pumzi na misuli vilikuwa vimeongezeka kwa kiwango kinachofanana pande zote mbili. Kwa hiyo anayeanza na tredmili asije akadhani juhudi zake zimepotea. Ninachotetea hapa ni tofauti ndogo, lakini ni ya kweli, na iko mahali ambapo mtu anayepunguza uzito anahitaji sana kulindwa.

Hapa ndipo inapozuka hofu ya upande wa pili. Utasikia kijana mwenye mikono minene akisema, “Kadio inakula misuli, mimi siigusi.” Hofu hiyo ina chimbuko linalojulikana. Robert Hickson alikuwa mnyanyua vyuma aliyekwenda kufanya utafiti kwenye maabara ya John Holloszy, mtaalamu wa mazoezi ya pumzi, mjini St. Louis. Holloszy alikuwa mkimbiaji, na Hickson akaanza kukimbia naye. Baada ya muda akaona nguvu na unene wa misuli yake vinapungua ingawa hakuacha vyuma. Miaka michache baadaye akalipima jambo hilo kwa makundi matatu ya watu kwa wiki 10, na mwaka 1980 akatoa matokeo. Kundi lililofanya vyuma peke yake lilizidi kupata nguvu hadi mwisho. Kundi lililochanganya lilipanda vizuri kwa wiki kama saba, likasimama, kisha katika wiki mbili za mwisho nguvu zikashuka.

Wengi hawaisomi ratiba aliyowapa. Watu wale walinyanyua vyuma siku tano kwa wiki na kufanya mazoezi magumu ya pumzi siku sita kwa wiki, dakika 40 kila siku. Huo si mzigo wa mhasibu anayefika jimu mara tatu kwa wiki. Mwaka 2022 Moritz Schumann na wenzake walichambua tafiti nyingi zilizofuata, wakakuta kwamba kwa watu wa kawaida kuchanganya hakuzuii misuli kukua wala nguvu kuongezeka. Kinachodhoofika kidogo ni nguvu ya mlipuko, ile ya kuruka na kuchomoka, na hasa mazoezi yote yakiwa katika kipindi kimoja. Kadio ya kiasi haili misuli. Kinachokula misuli kimyakimya ni kupungua uzito bila kuipa misuli sababu ya kubaki.

Hilo linahitaji nafasi yake. Mtu anapokula kidogo kuliko anavyotumia, mwili haupunguzi mafuta peke yake. Katika uzito unaopotea kwa njia ya chakula tu, takriban robo huwa si mafuta, na sehemu ya robo hiyo ni misuli. Ukipungua kilo 8 kwa njaa na kukimbia, kilo 2 hivi zinaweza kuwa za kitu ambacho hukutaka kupoteza. Mizani haitakuambia. Inasoma kilo 8 na wewe unafurahi, lakini unajiangalia kwenye kioo unaona mwili umelegea, na ngazi za ofisini bado zinakutoa jasho. Njia inayojulikana ya kupunguza hasara hiyo ni kunyanyua uzito unaoupa msuli kazi ya kweli, na kula protini ya kutosha. Kiwango kinachotumika sana ni gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, na kwa mwenye uzito mkubwa hesabu hiyo ipigwe kwa uzito anaoulenga. Anayelenga kilo 70 atatafuta gramu 110 hivi kwa siku: samaki, dagaa, mayai, maziwa, maharage, nyama. Kwa chakula cha wengi wetu, ambacho ugali au wali ndio unaojaza sahani, kiasi hicho hakifikiwi bila kupanga.

Mpangilio unaingilia hapo. Vyuma ndivyo vinavyolinda misuli, na vyuma vinategemea mguu ambao haujachoka. Tuchukue mfano tuufuate hadi mwisho. Mama wa miaka 38, kilo 82, kazi ya kukaa, anakwenda jimu mara tatu kwa wiki na ana saa moja na dakika kumi kabla ya daladala kuwa za shida. Anatakiwa kufanya skwati na dedlifti kwa ajili ya miguu na nyonga, kusukuma dambeli kwenye benchi na kuvuta kebo kwa ajili ya kifua na mgongo, seti tatu tatu, kisha dakika 25 za tredmili.

Akianza na vyuma, atapasha mwili kwanza kwenye baiskeli dakika tano hadi kumi. Huko kupasha mwili si kadio, na ndiko kunakowachanganya wengi. Kipimo ni kwamba anaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Kisha anapiga skwati mara 10 na fito tupu ya kilo 20, mara 5 na kilo 30, ndipo anaingia kwenye kazi yenyewe: kilo 40, mara 8, seti tatu, akipumzika dakika mbili kati ya seti. Hiyo ni mizunguko 24. Seti ya mwisho inamwachia uwezo wa kurudia mara moja au mbili zaidi, si kumi. Akimaliza mazoezi yote manne anapanda tredmili, mwinuko asilimia 6, mwendo wa kilomita 5 kwa saa. Kwa uzito wake, dakika 25 za hapo zinamtoa kalori 200 hivi. Vyuma, pamoja na mapumziko yake, vimemtoa kalori 150 hadi 200.

Sasa tugeuze. Anaanza na tredmili akiwa na nguvu zote, kwa hiyo anaweka mwendo wa kilomita 5.5 badala ya 5. Kwa muda uleule na mwinuko uleule, kalori zinapanda hadi karibu 220. Amefaidi kalori 20 hivi. Kisha anakwenda kwenye skwati na kilo zake 40. Seti ya kwanza anafikisha 8 kwa shida, ya pili 6, ya tatu 5. Hiyo ni mizunguko 19 badala ya 24, na ndivyo inavyokuwa kwa kawaida miguu inapokuwa imepanda mlima nusu saa nzima. Au anafanya kama wengi wanavyofanya, anashusha hadi kilo 30 ili atimize 8, na kwenye dedlifti anashusha tena.

Angalia uzito wa pande hizo mbili. Kadio ikiwa ya pili hupoteza kidogo sana, kwa sababu kutembea kwenye mwinuko hakuhitaji misuli iliyopumzika. Vyuma vikiwa vya pili hupoteza sehemu inayoonekana ya kazi iliyokusudiwa, na kazi hiyo ndiyo inayouambia mwili kwamba misuli hii bado inahitajika. Baada ya wiki sita mama wa mpangilio wa kwanza yumkini yuko kilo 45 au 50. Mwenzake bado anahangaika na 40, na wote wawili wamechoma karibu kalori zilezile.

Kuna jambo la usalama pia, na hili ningeomba walimu wa jimu walitilie mkazo kuliko hadithi za kuyeyusha mafuta. Skwati ya miguu iliyochoka unaweza kuiona kwa macho. Magoti yanaingia ndani mtu anapoinuka, visigino vinanyanyuka, mgongo wa chini unajikunja akifika chini. Ukiona dalili hizo katika seti ya kwanza kabisa, wakati uzito ni uleule wa wiki iliyopita, uchovu umetangulia. Punguza uzito au hama kwenye mashine ya kusukuma kwa miguu ambako mgongo umeegemea, na siku nyingine uanze na vyuma.

Sababu ikishaeleweka hivyo, kanuni yenyewe inalegea mahali panapostahili. Siku ya kifua, mgongo na mikono, uchovu wa miguu hauna ubaya mkubwa, na kama benchi limejaa watu, panda tredmili kwanza kwa amani. Aina ya kadio nayo ina uzito wake. Uchambuzi wa mwaka 2012 ulioongozwa na Jacob Wilson ulionyesha kwamba kukimbia huingilia nguvu na ukuaji wa misuli ya miguu kuliko kuendesha baiskeli, na kwamba kadri vipindi vinavyokuwa vingi na virefu ndivyo madhara yanavyoongezeka. Kwa mtu mzito, kutembea mwinukoni au baiskeli kunafaa zaidi ya kukimbia, na magoti yake yatamshukuru.

Anayejiandaa kwa mbio, tuseme nusu marathoni ya Kilimanjaro kule Moshi, yeye aanze na kukimbia siku zake muhimu za kukimbia, kwa kuwa hicho ndicho anachotaka kukifanya vizuri. Na yupo mtu ambaye akimaliza vyuma huenda zake nyumbani kila mara, tredmili haigusi. Mtu huyo aanze na tredmili dakika 15 za wastani, kisha vyuma. Mpangilio ulio bora kwa karatasi na usiofanyika haumsaidii.

Wagonjwa wa kisukari nawataja peke yao, kwa sababu kwao mpangilio si suala la tofauti ndogo. Mwaka 2012 Jane Yardley na wenzake nchini Kanada waliwapima watu 12 wenye kisukari cha aina ya kwanza, wanaotumia insulini. Walipoanza na mazoezi ya pumzi, sukari yao ilishuka haraka. Walipoanza na vyuma sukari ilikaa imara zaidi wakati wa mazoezi, na kushuka kwa sukari baadaye kulikuwa kwepesi zaidi. Anayetumia insulini, au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kama glibenklamidi, azungumze na daktari wake kabla ya kuanza, apime sukari kabla na baada, awe na kitu cha sukari mfukoni, na ikiwa anafanya vyote viwili, atangulize vyuma. Kutetemeka, jasho la baridi na kuchanganyikiwa katikati ya tredmili si dalili ya mafuta kuungua. Ni dalili ya kusimama hapohapo na kunywa kitu kitamu.

Kuna utafiti mmoja wa karibuni ambao wapenda vyuma wameushangilia, na sitaki kuupita. Mwaka 2025 watafiti wa China walichapisha matokeo ya vijana wa kiume wanene 45 waliofuatiliwa kwa wiki 12, wakifanya nusu saa ya vyuma na nusu saa ya baiskeli mara tatu kwa wiki. Waliotanguliza vyuma walipunguza mafuta zaidi ya waliotanguliza baiskeli, yakiwemo mafuta ya tumboni. Je, si kinyume cha yale ya mwaka 2018? Ukisoma kwa makini utaona kitu ambacho kwangu kina maana zaidi ya mpangilio wenyewe. Vijana wale walivaa saa za kuhesabu hatua, na waliotanguliza vyuma waliongeza kutembea katika maisha yao ya kila siku kuliko wenzao. Huenda basi mafuta yale yaliondokea nje ya jimu, barabarani na kwenye ngazi, kwa watu ambao mazoezi yaliwaacha na uchangamfu. Utafiti mmoja wa watu wachache hauangushi mkusanyiko wa tafiti nyingi, lakini unatuonyesha pa kutazama. Kipindi kinachokulaza kwenye kochi jioni nzima hurudisha sehemu ya kalori ulizozitoa. Kama kukimbia kwanza kisha vyuma kunakumaliza kiasi hicho, hiyo ni sababu ya kutosha ya kubadili.

Utajuaje kama mpangilio wako unafanya kazi? Unahitaji daftari na futi ya fundi cherehani. Pima kiuno usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa wiki, na andika uzito na mizunguko ya kila zoezi. Baada ya wiki nne hadi sita, soma vyote pamoja. Kiuno kinashuka na vyuma vinapanda au vimesimama palepale: unapoteza mafuta, usiguse kitu. Kilo zinashuka lakini vyuma navyo vinashuka wiki mbili au tatu mfululizo: unapoteza kile usichotaka, kwa hiyo sogeza vyuma mbele, angalia protini, na pengine unakula kidogo mno. Vyuma vinapanda lakini kiuno hakijasogea: mpangilio hauna kosa, tatizo liko kwenye chakula. Kalori 200 za tredmili ni chapati moja isiyofika hata nzima, na upungufu wa kalori 400 kwa siku, kwa wiki 12, ndio unaotoa kilo nne na kidogo za mafuta kwa hesabu ya kalori 7,700 kwa kilo. Hakuna mpangilio wa mazoezi utakaoleta hizo 400 peke yake.

Mwenye nafasi ya kwenda siku nyingi zaidi kwa muda mfupi anayo njia ya tatu, ambayo mabishano ya foleni huisahau. Watafiti walewale wa Jyväskylä, Daniela Eklund na wenzake, walilinganisha pia kufanya vyote siku moja na kuvitenganisha kwa siku tofauti, kwa wanawake na wanaume, kwa wiki 24. Waliotenganisha ndio waliopunguza mafuta vizuri zaidi na kupata pumzi nzuri zaidi. Kwa yule mama wa kilo 82 hiyo ingekuwa vyuma Jumatatu na Alhamisi, dakika 45 kila siku, kisha Jumanne na Jumamosi kutembea kwa kasi nusu saa au zaidi, ambako hakuhitaji hata kulipia jimu. Barabara yenye kilima karibu na nyumbani inatosha.